Viganja vya Rangi ya Machungwa

Haya ni mazungumzo yangu na wazazi na walezi, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa parokia hapa Moshi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kwa sababu akina mama kadhaa waliniomba wawasomee na waliobaki nyumbani.

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, akina baba, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliponiomba nije, alinieleza kuwa mtaani kuna mtoto ambaye viganja vyake vimegeuka rangi, na kwamba maneno yamekuwa mengi. Mmoja kasema ni homa ya manjano. Mwingine kasema ni homa ya ini na watoto wengine wasimkaribie. Bibi mmoja kasema, jamani, huyu amekula karoti. Nikaulizwa: inawezekana kweli karoti zikambadilisha mtu rangi? Na kama inawezekana, ana hatari gani?

Nitajibu mapema, ili hata mwenye haraka ya kwenda sokoni Mbuyuni aondoke na jibu. Ndiyo, inawezekana. Mtu akila karoti nyingi sana kila siku kwa wiki kadhaa, ngozi yake hugeuka njano inayoelekea rangi ya chungwa. Rangi hiyo yenyewe haimdhuru. Ninachokiogopa mimi ni mtu kuchanganya rangi hiyo na manjano ya ini, hasa akimtazama mtoto mwenye ugonjwa wa ini na kusema, "Hizo ni karoti tu." Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yangu leo itakuwa namna ya kuzitofautisha, na tutafanya hivyo kwa macho yetu wenyewe.

Nimekuwa muuguzi wa kliniki ya watoto kwa miaka 26. Niwaeleze mtoto mmoja ambaye sitamsahau. Alikuwa na miezi 11, msichana, kilo 9 na kidogo. Mama yake alifika analia. Alikuwa amegundua wakati wa kumwogesha kwamba nyayo za mtoto zina rangi kama zimepakwa binzari. Alipogeuza viganja, navyo vivyo hivyo. Jirani alikuwa amemwambia ni ini, akamnunulia glukosi, na mtoto alikuwa ananyweshwa glukosi siku ya nne.

Na mimi, niseme ukweli, nilitaka kumwandikia barua ya kwenda hospitali papo hapo. Nilikuwa nimeshika kalamu. Kilichonizuia ni kaka yake wa miaka 3 aliyekuwa amesimama pembeni. Alininyooshea mkono aonyeshe kidonda chake cha kidole, nikaona kiganja chake. Kilikuwa na rangi ileile, ila imefifia. Nikamuuliza mama: hawa wawili wanakula nini?

Jibu lilikuwa hili. Mtoto aliachiwa bibi mchana, na bibi alimpenda mjukuu wake. Alisikia kliniki kwamba vyakula vya rangi ya njano vina vitamini A. Kwa hiyo kila siku alichemsha karoti mbili, kipande cha boga na kiazi lishe kimoja, akavisaga kwa blenda pamoja na kijiko cha mawese yaliyoletwa kutoka Kigoma, akamlisha mtoto mara tatu. Kilichobaki kwenye sufuria alikimalizia kaka. Wiki ya saba ndipo rangi ilipoonekana.

Hebu tupige hesabu ya sufuria ile. Kitu kinachoipa karoti rangi yake kinaitwa beta-karotini. Gramu 100 za karoti mbichi zina miligramu kama 8. Karoti ya ukubwa wa kawaida, baada ya kumenywa, ni gramu 60 hivi, basi ina miligramu kama 5. Karoti mbili ni 10. Kipande cha boga cha gramu 100 ni kama 3. Kiazi lishe cha rangi ya chungwa kilichoiva vizuri, gramu 100, kinakaribia 8. Jumla, kabla hata hujahesabu mawese, ni miligramu kama 21 kwa siku.

Mtu mzima huanza kugeuka rangi akila kama miligramu 20 hadi 30 kila siku kwa wiki kadhaa mfululizo. Hiyo ni sawa na karoti nne hadi sita za kawaida, kila siku. Sasa yule binti wa kilo 9 alikuwa anapewa kiasi cha mtu mzima wa kilo 60. Na alipewa katika hali ambayo mwili hukifyonza vizuri kuliko zote: kimepikwa, kimesagwa laini, kina mafuta. Karoti mbichi ukiitafuna, sehemu kubwa ya rangi yake hubaki imefungwa ndani ya nyuzinyuzi na kutoka chooni. Ukiipika na kuisaga, kuta zile zinapasuka. Ukiongeza mafuta, karotini inapata usafiri wa kuingia mwilini, kwa sababu yenyewe huyeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Bibi yule hakukosea kupika. Alikosea kurudia sufuria moja siku 49.

Ikishaingia, inafanya nini? Kwenye ukuta wa utumbo kuna kimeng'enya kinachoikata beta-karotini na kuigeuza vitamini A. Lakini utumbo hauikati yote. Mwili ukiwa na vitamini A ya kutosha, unapunguza kazi ile ya kukata. Karotini inayobaki nzima inaingia kwenye damu ikiwa imebebwa na mafuta, inazunguka, na inajificha kwenye mafuta ya mwili na kwenye tabaka la juu la ngozi. Hapo ndipo penye jibu la hatari. Sumu ya vitamini A ipo, ni ugonjwa wa kweli, lakini karoti haikupeleki huko, kwa sababu mlango wa kuigeuza unafungwa kabla vitamini A haijazidi. Mtu aliyegeuka rangi kwa karoti ana karotini nyingi kwenye damu, wakati vitamini A yake kwa kawaida iko palepale inapotakiwa.

Wale mliowahi kuingia Hifadhi ya Arusha na kufika maziwa ya Momella mmewaona heroe. Kifaranga cha heroe kina rangi ya kijivu. Uwaridi wake anaupata mwaka hadi mwaka kutokana na vijimea vya majini anavyovila, ambavyo vina rangi za ukoo huohuo wa karotini. Ndege yule anavaa chakula chake kwenye manyoya. Mtoto wetu alikuwa anakivaa kwenye nyayo. Jambo hili si geni kwa madaktari pia: mwaka 1919, Alfred Hess na Victor Myers wa New York waliandika kuhusu watoto waliogeuka njano kwa kulishwa karoti.

Kwa nini viganja na nyayo? Kwa sababu karotini hupenda lile tabaka gumu la juu la ngozi, na tabaka hilo ni nene zaidi kwenye viganja na nyayo. Inatoka pia na jasho na mafuta ya ngozi, ndiyo maana kwa watu weupe huonekana puani, kwenye mikunjo ya kutoka pua hadi mdomo, na kwenye paji la uso. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwetu sisi uso unaweza usionyeshe chochote kabisa, na mama akaambiwa kwamba mtoto hana kitu. Tazama viganja na nyayo.

Sasa tuje kwenye macho, na hapa naomba mnisikilize kwa makini.

Manjano ya ini hutokana na kitu kingine kabisa kinachoitwa bilirubini. Ni mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizozeeka. Ini huyachukua na kuyatoa kupitia nyongo. Ini likiugua, au njia ya nyongo ikiziba, au damu ikivunjika kwa wingi, bilirubini inajaa. Nayo hupenda kushika kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Karotini haishiki pale, kwa sababu jicho halina lile tabaka gumu la ngozi. Kwa hiyo mtu mwenye viganja vya rangi ya chungwa na macho meupe safi, fikiria chakula. Mtu mwenye macho ya njano, usifikirie chakula hata kama anakula gunia la karoti.

Lakini jicho lina namna yake ya kutazamwa. Wengi wetu weusi, hasa watu wazima waliofanya kazi juani na penye vumbi, sehemu ya jicho iliyo wazi kati ya kope ina ukahawia au unjano usio wa ugonjwa. Ukitazama hapo tu utakosea. Mwambie atazame chini, kisha inua taratibu kope la juu, utazame weupe uliokuwa umefunikwa. Halafu mwambie atazame juu, vuta kope la chini, utazame na huko. Sehemu isiyopigwa na jua ndiyo inayosema kweli. Na fanya hivyo nje, mchana, kwenye mwanga wa jua. Kamwe usifanye chini ya taa ya njano usiku. Nimewaona watu wakilia usiku kucha kwa rangi ya taa.

Baada ya macho, uliza mkojo na choo. Mwenye manjano ya ini mara nyingi mkojo wake huwa mweusi kama chai ya rangi, na choo kinaweza kupauka kama udongo wa mfinyanzi. Mara nyingine anawashwa mwili, hana hamu ya kula, anatapika, ana homa. Mtoto wa karoti anakojoa kawaida, anacheza, anakula, uzito wake unapanda. Choo chake kinaweza kuwa na rangi ya karoti. Hicho kisikutishe, kwa sababu rangi iliyokosa kufyonzwa lazima itoke mahali.

Yule binti nilimtoa nje chini ya mti. Kope la juu: meupe. Kope la chini: meupe. Nepi yake ilikuwa na mkojo wa kawaida. Uzito wake ulikuwa umepanda kila mwezi kwenye kadi. Daktari aliagiza kipimo kimoja cha bilirubini ili mama alale usingizi, na kilitoka sawa. Glukosi ikasimamishwa siku hiyohiyo.

Mwaka huohuo nilikutana na hadithi iliyogeuzwa, na ndiyo iliyonifundisha kuogopa. Baba wa makamo, anayependa juisi ya karoti kila asubuhi, mke wake aliona amekuwa wa njano. Wakasema ni juisi, wakaacha juisi, wakangoja. Walingoja wiki tano. Alipoletwa, macho yake yalikuwa ya njano kutoka mlangoni, mkojo mweusi, na njia ya nyongo ilikuwa imeziba. Karoti zilikuwa zimewapa maelezo mazuri sana, wakaamini. Laiti wangeinua lile kope siku ya kwanza.

Kwa watoto wachanga nakuwa mkali zaidi. Mtoto wa siku chache ambaye anaonekana wa njano, usitafute karoti wala usimpigie hesabu mama alichokula. Nenda kituoni siku hiyo. Na mtoto ambaye manjano yake yamepita wiki mbili na choo chake kimepauka, hilo haliwezi kusubiri kliniki ya mwezi ujao. Kuna watoto wanaozaliwa na njia ya nyongo iliyoziba, na upasuaji wao unafanya kazi vizuri zaidi ukifanyika kabla ya siku 60.

Mama mmoja ameniuliza pale mlangoni: sasa huyo wa karoti atarudi lini kuwa kama zamani? Atarudi, ila si kesho. Ukipunguza chakula, damu hupungukiwa karotini ndani ya siku na wiki chache. Ngozi inachelewa, kwa sababu lazima tabaka lililopakwa rangi libanduke lenyewe na jipya lije. Hesabu wiki hadi miezi. Hakuna dawa, hakuna cha kusugua. Nimewahi kuona nyayo za mtoto zimechubuliwa kwa jiwe la kusugulia miguu. Tafadhali, msifanye hivyo.

Kupunguza si kupiga marufuku. Yule bibi alipoambiwa, alitaka kumnyima mtoto mboga zote. Nikamwambia, bibi, mtori uendelee, weka viazi mviringo, ndizi, maharage, dagaa, maziwa. Karoti nusu mara mbili tatu kwa wiki inatosha. Na mnafu na mchicha uendelee kwa kiasi, mkijua kwamba mboga za majani zina karotini pia. Rangi ya kijani inaifunika tu usiione.

Lipo swali la matone ya vitamini A yanayotolewa kila baada ya miezi sita. Mzazi akiona mtoto amegeuka rangi, anasema asipewe tena, atazidishiwa. Hapana, apewe kwa ratiba. Kama nilivyosema, karotini kwenye ngozi si vitamini A iliyozidi. Kidonge cha bluu kwa wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka mmoja hadi chini ya mitano, na kiandikwe kwenye kadi. Mwambie muuguzi kuhusu rangi ya viganja ili asishtuke.

Vitamini A yenye sumu ikizidi ni ile iliyokwisha kutengenezwa: iliyo ndani ya ini la mnyama na ndani ya vidonge vya dukani. Gramu 100 za ini la ng'ombe lililopikwa zina mikrogramu kama 9,000 za vitamini A, wakati kiwango cha juu ambacho mtu mzima anashauriwa asikizidi kila siku ni 3,000. Ini mara moja moja ni chakula kizuri. Ini kila siku kwa mjamzito, pamoja na vidonge vya vitamini A alivyojinunulia, hapo mimba ya miezi ya mwanzo inaweza kuumia. Hofu ya karoti ndiyo niliyotamani ihamie huko.

Vidonge vya beta-karotini navyo tuvitenge na karoti. Nchini Finland, wanaume wavutaji sigara walipewa miligramu 20 kila siku kwa kidonge, watu wakitarajia kitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha waliopewa kidonge walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Utafiti wa Marekani uliofanana na huo ulisimamishwa Januari 1996 kwa sababu hiyohiyo. Mvutaji wa sigara asinunue vidonge hivyo. Karoti sokoni aendelee kula.

Limebaki moja. Yuko mtu anayegeuka rangi viganja bila kula karoti nyingi. Huyo asiambiwe amekula nini, apimwe. Tezi ya shingo ikifanya kazi pole pole, mwili unashindwa kuikata karotini vizuri, nayo inalundikana hata kwa chakula cha kawaida. Huku kwetu milimani wazee wanakumbuka goita zilivyokuwa nyingi kabla ya chumvi ya madini joto. Mtu akisikia baridi kuliko wenzake, amechoka, ananenepa bila sababu, choo kigumu, na viganja vina rangi, amwonyeshe daktari shingo yake. Kisukari na magonjwa fulani ya figo yanaweza kuleta hali hiyohiyo, kwa sababu mafuta kwenye damu yanapanda na kubeba karotini nyingi.

Yule binti nilimwona tena alipokuja kuchanjwa surua ya pili, ana mwaka na nusu. Viganja vilikuwa vimerudi. Nyayo bado zilikuwa na kivuli kidogo kisiginoni, mahali penye ngozi nene. Bibi ndiye aliyemleta, na kabla sijasema kitu alikuwa amekwisha mtazamisha chini na kumwinua kope.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mtoto wa mtaani mliyenisimulia yuko hapa na mama yake, pamoja na wengine wanaotaka kuangaliwa. Humu ndani taa ni za njano na mapazia yamefungwa. Tutokeni nje, upande ule wa mashariki, tuwaangalie kwenye jua.